Bangili Kumi na Uzito wa Gunia

Mume wangu Nyangau alikuwa karani wa kupima majani chai, na kama kuna mtu hapa Gesima aliyejua kupunguza hesabu ya mwenzake, ni yeye. Unatundika gunia lako kwenye mizani, mshale unasimama kwenye kumi na saba, yeye anaandika kumi na sita. Kilo moja ni ya gunia. Ukilalamika anakutazama kwa upole na kukuambia, "Kiwanda hakinywi gunia, mama." Alifanya hivyo kwa mwenyekiti wa kanisa, alifanya kwa kaka yake wa tumbo moja, na mimi mkewe nikipeleka majani alinipunguzia kilo yangu bila hata kuinua macho. Nilinuna mara ya kwanza. Baadaye nikajivunia, kwa sababu watu walikuwa wakisema, "Yule hali cha mtu."

Ninaeleza hili mapema ili ujue aibu ilitokea wapi. Mlevi au mwizi asingetuaibisha vile. Aliyetuaibisha ni mtu aliyetoa uzito wa gunia kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mmoja, kisha siku moja tu akasahau. Na hata hiyo siku moja, kosa halikuwa lake peke yake. Nitafika huko. Si jambo ninalolikimbilia.

Mwaka wa sabini na saba majani chai yalitulipa. Waliokuwepo wanakumbuka. Bonasi ilipokuja watu walinunua mabati, wengine redio, wengine wake wa pili. Kikundi chetu kilikuwa cha nyumba kumi na nane, wengi wetu Wasabato, na tulikuwa na jambo moja moyoni: mashine ya kusaga. Kusaga mahindi kulikuwa kubeba debe kichwani na kushuka hadi mtoni, kupanda upande wa pili, kupanga foleni na kurudi giza likikaribia. Mama yangu mzazi, Bitutu, alikuwa ameshafanya safari hiyo hadi shingo ikakataa kugeuka vizuri upande wa kushoto. Alipochanga shilingi zake mia tano alisema, "Nataka kusikia hiyo mashine ikilia nikiwa jikoni kwangu."

Kila nyumba ilitoa mia tano. Zikawa elfu tisa. Mashine, pamoja na injini yake, muuzaji wa mjini alitaka elfu kumi na mia tano. Tulipungukiwa na elfu moja na mia tano, na hakuna aliyekuwa tayari kuchanga tena kabla ya bonasi nyingine.

Sasa pesa za watu zikae wapi mwaka mzima? Mtunza hazina wa zamani alikuwa amewakopesha shemeji zake pesa za mchango wa kwanza, na shemeji wakahamia Transmara nazo. Kwa hiyo watu walimchagua Nyangau. Naye, kwa kuwa alikuwa msomaji wa gazeti hata kama ni la kufungia sukari, akasimama akatuambia habari ya dhahabu. Bei inapanda, alisema. Pesa ya karatasi kila mwaka inanunua kidogo zaidi, lakini dhahabu ni dhahabu. Tena haikopesheki. Shemeji hawezi kuja kuomba nusu ya bangili.

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichopitisha azimio.

Oktoba ile nilikwenda naye mjini Kisii, mimi na mwenyekiti wetu Okemwa, mzee mwenye sauti kubwa na moyo wa kuku. Sonara alikuwa Mhindi mmoja mzee, Jamnadas, duka lake nyembamba kama korido nyuma ya barabara kuu. Ukutani alikuwa na ubao mdogo ambao kila asubuhi aliandika kwa chaki bei ya dhahabu ya siku ile, kwa gramu moja. Siku ile uliandikwa arobaini.

"Bangili kumi, kila moja gramu ishirini," Nyangau akasema. "Gramu mia mbili."

"Iko," Jamnadas akajibu. "Dhahabu yenyewe arobaini. Ufundi yangu tano. Gramu moja, arobaini na tano."

"Ufundi?"

"Bangili hajifanyi yenyewe, karani. Nayeyusha, napiga, nasugua. Na duka nalipa kodi. Arobaini na tano mara mia mbili, elfu tisa. Sawa?"

Ilikuwa sawasawa na pesa tulizobeba, na nafikiri ndiyo sababu Nyangau hakubishana. Pesa zikitosha bila chenji, mtu anaona kama Mungu ameshapanga. Jamnadas akaandika risiti, kisha akagonga chini ya karatasi kwa kidole chake.

"Hapa soma. Siku ukirudisha, mimi nanunua bei ya ubao siku hiyo, natoa asilimia kumi. Bangili yenu mimi siwezi kuvaa. Lazima niyeyushe tena, nitafute mnunuzi mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia," mume wangu akasema, na akaikunja risiti vizuri, akaitia mfukoni. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilisikia pia. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye bangili kumi juu ya kitambaa cheusi, na nilikuwa nawaza kwamba mke wa mtunza hazina angeweza kujaribu moja, dakika moja tu, bila dhambi. Nikaijaribu. Okemwa akanikohoa nikaivua.

Hatukuweza kuziweka nyumbani. Tulizipeleka benki, wakatupa kisanduku chenye ufunguo, shilingi mia moja na ishirini kwa mwaka, zinalipwa mbele. Kisha ikaja bima. Wakala alikuwa Opondo, kijana wa kutoka upande wa ziwa, mwenye tai na kalamu tatu, aliyetueleza kwamba benki ikivunjwa, benki haitatulipa kilichomo ndani ya kisanduku tusipokuwa na bima yetu wenyewe. Shilingi moja na nusu kwa kila mia kwa mwaka. Kwa elfu tisa, mia moja thelathini na tano. Zote mbili tulizilipa kutoka kwenye michango midogo ya kila mwezi, mia mbili hamsini na tano kwa jumla, na kwa sababu zilitoka kwenye kikombe kingine, akilini mwetu zikawa kama hazikutoka. Hapo ndipo tulipoanza kujidanganya.

Mwaka ule nyumba yangu ilikuwa nyumba ya heshima. Kila Nyangau alipotumwa mjini na stakabadhi za kituo cha kupimia majani, alipitia kwa sonara akasoma ubao, akirudi anaandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Arobaini na moja. Arobaini na mbili na nusu. Ikashuka arobaini, akakosa hamu ya chakula. Ikapanda arobaini na nne. Majirani walikuwa wakija kuomba chumvi wasiyoihitaji, wapate kuutazama ukuta. Na mimi, Bwana anisamehe, nilijifunza kuwapokea kama mke wa chifu. Nilikuwa nikisema, "Ahaa, leo imepanda kidogo," kama mtu anayezungumzia maziwa ya ng'ombe wake.

Mwishoni mwa Julai mwaka wa sabini na nane akarudi mbio, baiskeli akaiangusha tu uani, kitu ambacho hakufanya hata siku tulipopata mtoto wa kwanza.

"Arobaini na nane!"

Alichukua kipande cha makaa. Tulinunua ubao ukiwa arobaini, akaandika. Sasa ni arobaini na nane. Nane kila gramu. Nane mara mia mbili ni elfu moja na mia sita. Ongeza kwenye elfu tisa zetu: elfu kumi na mia sita. Mashine, elfu kumi na mia tano. Inabaki mia moja ya nauli na soda za watu. Aliipigia mstari chini mara mbili.

Nilimkumbatia mchana kweupe, mlango ukiwa wazi.

Mkutano uliitwa Jumapili. Habari ilikuwa imeshafika kila nyumba kabla ya Ijumaa. Wanaume walikuwa wamekwisha kuezeka kibanda cha mashine karibu na kituo, mabati mapya yakimeta, hata saruji ya kuikalisha injini ikamwagwa. Na asubuhi ya Jumapili hiyo mama yangu akaja kwangu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo wanakaa kochi moja na mama mkwe na kugombania rimoti. Sisi tuna chinsoni. Ni heshima, ni haya, ni ukuta kati ya watu fulani, na ukuta mrefu kuliko yote uko kati ya mume na mama wa mkewe. Mama yangu hakuweza kuingia alikolala Nyangau, wala kumkazia macho, wala kubishana naye mbele za watu. Naye Nyangau, akimwona njiani, alishuka kwenye baiskeli na kusimama pembeni hadi apite. Salamu, ndiyo. Maswali, hapana. Mama akiwa na neno kwa mkwewe, neno hilo lilipitia kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Kazi hiyo nilipewa siku nilipoolewa, na hakuna mwingine aliyeweza kuifanya.

Mama alisimama mlangoni mwa jikoni, akautazama ukuta wangu uliojaa makaa. Hakwenda shule, lakini miaka ishirini alikuwa ameuza ndizi, kutoka hapa Gesima hadi soko la Masimba.

"Hii nane ni ya nini?" akauliza.

"Ni faida, mama. Kila gramu."

"Mh." Akainyooshea ile nane kidole. "Mimi nikinunua mkungu hapa shilingi tano, nikauza Masimba shilingi saba, sijala mbili. Nimelipa gari. Nimelipa ushuru. Ndizi mbili tatu zimepondeka, na mnunuzi hataki kulipa bei anayouziwa mwenzake mjini. Naweza kurudi nyumbani na senti hamsini. Siku nyingine narudi na deni."

"Dhahabu haipondeki, mama."

"Najua haipondeki. Lakini huyo Mhindi anakula nini? Na benki inakula nini?" Akashusha sauti, kama ilivyompasa akimtaja mkwewe. "Mwanangu, muulize mume wako swali moja tu kabla hajasimama mbele za watu. Muulize: gunia ametoa?"

Nilisema nitamwuliza.

Nyangau alikuwa chumbani akifunga tai. Nilisimama nyuma yake kwenye kioo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi, na ni neno fupi. Nikaona uso wake, ambao kwa mara ya kwanza tangu nimjue haukuwa uso wa karani. Nikawaza jinsi wanawake wangenitazama. Nikawaza nikimwuliza atakaa chini na penseli, mkutano utachelewa, atakunja uso, pengine ile nane itapungua ikawa tano, au tatu, na siku yangu itaharibika. Nilitaka siku yangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Sikusahau, wala sikuogopa chinsoni. Nilimnyoosha kola nikamwambia, "Umependeza."

Mkutano ulikuwa mzuri kupita kiasi. Alipotaja elfu kumi na mia sita watu walisimama. Wanawake walipiga vigelegele, wimbo ukaanzishwa, na mimi nikaanza ubeti wa pili kabla hata haujafika. Mama alikuwa ameketi nyuma na wenzake. Alinitafuta kwa macho, akainua nyusi kidogo: umemwuliza? Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nasema tena ili nisijifiche: nilitikisa kichwa kukubali. Mama akatulia, akaanza kupiga makofi pamoja na wengine.

Jumatatu tulirudi kwa sonara, sisi watatu wale wale, bangili zikiwa zimefungwa kwenye leso yangu. Ubao ulikuwa bado arobaini na nane. Jamnadas alizipima moja moja, akaandika, akatuletea karatasi. Elfu nane na mia sita arobaini.

Nyangau alidhani ni makosa ya kalamu. "Arobaini na nane mara mia mbili ni elfu tisa na mia sita, mzee." Na hata hapo, nikimsikiliza, nikagundua kwamba elfu tisa na mia sita si elfu kumi na mia sita. Elfu moja ilikuwa imeshapotea kabla sonara hajatoa kitu, nayo ilikuwa pesa ya ufundi, shilingi tano mara mia mbili. Naye akagundua. Niliona shingo yake ikigundua kwanza.

"Risiti," Jamnadas akasema kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu wa kufurahia jambo kama hilo. "Asilimia kumi. Arobaini na nane, toa nne na senti themanini. Arobaini na tatu na senti ishirini. Mara mia mbili. Iko elfu nane mia sita arobaini."

Okemwa akaanza kusema kwa sauti yake kubwa kuhusu wezi. Nyangau alimshika mkono. "Si yeye," akasema. "Ni mimi." Kisha akamgeukia sonara, na akauliza kile alichopaswa kuuliza mwaka mzima. "Ubao ulipaswa kufika ngapi ili tusipoteze?"

Jamnadas alichukua penseli, akageuza karatasi. Nilikuwa nimesimama karibu, na hesabu ile ninaijua kama jina langu.

"Mmelipa dhahabu na ufundi, elfu tisa. Benki?"

"Mia na ishirini."

"Bima?"

"Mia thelathini na tano."

"Jumla elfu tisa mia mbili hamsini na tano. Hiyo ndiyo bei yenu ya kweli, si arobaini. Gawa kwa gramu mia mbili: arobaini na sita na senti ishirini na saba na nusu. Sasa, mimi nalipa tisini katika kila mia ya ubao. Kwa hiyo gawa tena kwa tisini, zidisha kwa mia." Penseli ikasimama. "Hamsini na moja na senti arobaini na mbili. Ubao chini ya hapo, mnalisha mimi, mnalisha benki, mnalisha bima. Juu ya hapo, ndiyo mnakula nyinyi."

Hamsini na moja na senti arobaini na mbili. Sisi tulikuwa tumecheza ngoma kwa arobaini na nane.

"Ukiweza kungoja, ngoja," Jamnadas akaongeza. "Lakini Oktoba mnalipa tena benki na bima. Ikipita hapo, hesabu inapanda, inakaribia hamsini na tatu. Na ubao unaweza kushuka. Mimi siahidi mtu."

Nyangau alimtazama Okemwa. Okemwa, yule simba wa mikutano, alikuwa jasho tupu. "Uza," akanong'ona. "Ikishuka thelathini watatuua. Uza tumalize." Na mume wangu, ambaye siku nyingine angekaa na penseli hadi duka lifungwe, hakuwa na mdomo wa kubishana. Mtu aliyetangaza faida mbele ya nyumba kumi na nane hawezi kurudi akiwaambia wangoje, kwa sababu itambidi awaeleze wanangoja nini. Akauza. Elfu nane na mia sita arobaini. Hasara mia sita na kumi na tano, na mashine mbali kuliko tulipoanzia.

Njia nzima ya kurudi hakuniambia neno. Nami nilikuwa na neno moja tu.

Jumapili iliyofuata alisimama tena mahali pale pale, na tai ile ile. Alieleza kila kitu: ufundi, asilimia kumi, benki, bima. Hakumsingizia sonara, hakumtaja Okemwa. Alisema hasara ya mia sita na kumi na tano ni yake, atailipa yeye. Ningeomba wapige kelele. Kisha jirani yetu mmoja, mwanamke mpole kabisa, akauliza bila ubaya wowote, "Lakini karani, wewe unayetukata kilo ya gunia kila siku. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuuliza?"

"Hakuna," Nyangau akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Mama yangu aliinua kichwa. Hakumtazama yeye, maana hawezi. Alinitazama mimi. Haukuwa mtazamo mrefu. Angeweza kusema neno moja na mkutano mzima ungejua. Angeweza kusimama na kusema, mimi niliuliza. Badala yake alishusha macho, akajifunga leso yake upya kichwani, polepole, na fundo likamchukua muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Alinifunika mimi. Na alivyonifunika, mkwewe akabaki uchi mbele za watu, naye akamwacha hivyo kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitazama vidole vyangu vya miguu nikavihesabu, kumi, kama bangili.

Nyangau aliuza baiskeli yake, shilingi mia tatu hamsini. Iliyobaki ilikatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Alianza kwenda kituoni kwa miguu, na kule mizani ilikuwa imemgeukia. Kila aliyepunguziwa kilo alikuwa na la kusema. "Leo gunia umeliona, karani? Siku ile lilikuwa wapi?" Walicheka, naye alicheka pamoja nao na kuandika kumi na sita. Hakuacha kupunguza hata nusu kilo kwa ajili ya aibu. Akirudi nyumbani alikuwa anakaa jikoni akiutazama ukuta. Nilitaka kuupaka upya kwa udongo, akanikataza.

Kibanda cha mashine kilikaa tupu. Mbuzi wa Okemwa walikuwa wakilala kwenye ile saruji. Na mama yangu akaendelea kushuka mtoni na debe lake, na alipopita mbele ya kwangu alinisalimu vizuri tu, kama kawaida. Ningependa zaidi kama angenitukana.

Wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla hata bili ya pili ya benki haijafika wakati wake, Nyangau alirudi kutoka mjini na vumbi hadi magotini. Alichukua makaa. Chini kabisa ya ukuta akaandika hamsini na nne.

"Toa asilimia kumi," akasema, kama mtu anayejifundisha kusoma. "Arobaini na nane na senti sitini. Mara mia mbili ni elfu tisa na mia saba ishirini. Toa elfu tisa mia mbili hamsini na tano." Akaandika mia nne sitini na tano, akaitazama. "Faida ya kweli. Si elfu moja mia sita, lakini ya kweli. Ilikuwa wiki tisa tu mbele." Kisha akaketi kwenye kigoda, mikono mitupu. "Si kwamba siwezi hesabu, Nyanchera. Unaona mwenyewe. Kama asubuhi ile mtu angeniuliza tu, mtu yeyote, ningekaa chini nikaifanya. Ningewaambia watu, tungoje hamsini na mbili. Wangengoja. Walikuwa wananiamini."

Hapo sikuweza tena.

Nikamwambia. Kwamba mama alikuja, kwamba alisimama hapo hapo mlangoni, kwamba alisema gunia ametoa? Kwamba nilikuwa nyuma yake kwenye kioo na neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza kwa sababu nilitaka kupigiwa vigelegele. Kwamba mkutanoni nilimtikisia mama kichwa. Nilisema nikilia, na nilitarajia, hata nilitamani, anipige. Kwa miaka yote hajawahi, na siku hiyo pia hakunipiga.

Aliokota kile kipande cha makaa akakisugua viganjani. Kisha kile kilichomuumiza kikatoka, na hakikuwa nilichotarajia.

"Kwa hiyo mama alijua," akasema. "Nimesimama mbele yake nikasema hakuna aliyeniuliza. Nimemfanya mama mkwe wangu aketi pale kama mtu asiyejua kitu." Alijifunika uso kwa viganja vyake vyeusi kwa makaa. "Siwezi hata kwenda kumwomba radhi."

Hakuweza, kweli. Angeanzaje? Kusimama mbele ya mama wa mkewe na kuzungumzia kosa lake mwenyewe, hilo lingekuwa aibu juu ya aibu. Kulikuwa na njia moja tu, ile ile iliyokuwa imeziba mwanzoni. Aliponiangalia nilielewa.

"Nenda," akasema. "Mwambie mama, mkwewe anasema: gunia hakulitoa. Na aliyeuliza alikuwa na haki. Useme maneno hayo hayo. Usiongeze, usipunguze."

Nilikwenda jioni ile ile kabla ya moyo wangu kupoa. Mama alikuwa uani akipepeta wimbi, akigeuza mwili wote upande wa kushoto kwa sababu ya ile shingo. Sikuketi. Nilisimama kama mtoto aliyetumwa dukani, nikasema, "Mama, mkweo anasema gunia hakulitoa. Na anasema aliyeuliza alikuwa na haki."

Sikuongeza neno. Nilikuwa nimeufikisha ujumbe mzima kwa mara ya kwanza, na nilihisi, nakiri, wepesi kidogo kifuani, kama mtu aliyemaliza kulipa.

Mama aliendelea kupepeta. Makapi yalikwenda, wimbi likabaki. Alipomaliza aliweka ungo chini akapangusa mikono.

"Mwambie mkwe wangu nimesikia," akasema. "Mwambie baiskeli asiihuzunikie, miguu yake ni mizuri."

"Nitamwambia."

"Huo ni wake," mama akasema, na sasa akanigeukia, mwili wote, hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Sasa niambie, mwanangu. Ujumbe wako wewe uko wapi?"